UZI: Ratiba ya kongamano la siku moja, watu 180, Ijumaa Dar. Nionyesheni itakapochelewa

Mratibu Kijitonyama (#1)
Wakuu, habari za kazi. Kongamano ni Ijumaa moja ya Februari, hapa Dar. Tuna ukumbi mkubwa chini na vyumba viwili ghorofa ya pili. Lifti ni moja, ya watu wanane. Rasimu ni hii:

2:00–3:00 usajili
3:00–4:00 ufunguzi, mgeni rasmi
4:00–4:15 chai
4:15–6:15 mada sita, dakika 20 kila moja
6:15–7:00 majadiliano ya pamoja
7:00–8:00 chakula cha mchana na swala
8:00–9:30 makundi matatu
9:30–9:45 chai
9:45–10:30 mrejesho na kufunga

Kwenye karatasi inajumlisha vizuri. Nataka mnionyeshe wapi itavunjika, na kwa nini.

Sauti ya Kijiweni (#2)
Itavunjika saa 3:00 kamili. Mgeni rasmi hafiki saa 3. Mengine yote ni matokeo ya hilo.

Binti Mkunguni (#3)
Mimi nasema usajili. Watu 180, na kila mmoja anaandika jina, taasisi, simu, anasaini, anachukua begi na kitambulisho. Hiyo ni dakika moja kwa mtu kama hakuna anayesalimiana. Ukiwa na meza mbili, ni dakika 90. Umetenga 60, na usisahau kwamba nusu ya watu watatokea dakika 20 za mwisho. Unahitaji meza nne, na fomu ziwe zimeshajazwa majina, mtu asaini tu.

Halafu usigawe meza kwa herufi sawasawa, A–F, G–L na kuendelea. Majina yetu ya ukoo yanajaa kwenye M na K. Meza yenye M itakuwa na foleni hadi mlangoni huku meza ya mwisho wanapiga stori. Chukua orodha yako, hesabu majina, kata kila baada ya 45. Mpaka ukiangukia katikati ya M, bandika karatasi mezani inayosema wazi "Ma hadi Mm" na "Mn hadi Mz", kwa namna orodha yenyewe inavyoangukia.

Mpishi wa Shughuli (#4)
Nimeiona ile chai ya dakika 15 nikaona niseme. Mratibu, hoteli itakuwekea koki ngapi? Mtu mmoja kwenye koki, akijaza kikombe, akachota sukari palepale na kuchukua sambusa palepale, anakula sekunde 20. Koki mbili zinahudumia watu sita kwa dakika. Watu 180 ni dakika 30. Utatangaza robo saa, lakini foleni haisikii tangazo.

Sauti ya Kijiweni (#5)
Basi punguza chai iwe dakika 10, watu watajua hakuna muda na watawahi kurudi. Tukiwabembeleza ndiyo wanazoea.

Mpishi wa Shughuli (#6)
Hapana kaka. Anayechelewesha si uvivu, ni koki. Ukisema dakika 10, watu 60 watakuwa wamepata chai, na 120 watabaki kwenye foleni. Hao 120 hawarudi ukumbini bila kikombe, na mshereheshaji hataanza na viti vitupu. Umepunguza namba kwenye karatasi tu.

Dawa yake ni hii: omba koki nne, mbili kila upande wa meza. Pale kwenye koki pawe na vikombe na chai peke yake. Sukari, vijiko na vitafunio viwe meza nyingine hatua tano mbele. Mtu anashuka hadi sekunde 10 hivi. Hapo watu 24 kwa dakika, 180 wanakwisha ndani ya dakika nane, na wanabaki na muda wa kunywa. Maziwa na ya rangi yaandikwe kwa herufi kubwa, maana mtu hufungua koki, akaona siyo, akaanza upya.

Hesabu Tupu (#7)
Naunga mkono #6, na chakula cha mchana kina hesabu hiyohiyo. Meza moja ya bafe ya kupakua pande mbili hutoa watu nane hadi kumi kwa dakika, kama nyama inapakuliwa na mhudumu. Meza moja ni dakika 20 kwa watu 180, mbili ni 10. Sahani ziwekwe mwanzo tu, uma na visu mwisho, ili mtu asishike vitu viwili huku anapakua.

Mzee wa Itifaki (#8)
Ndugu zangu, mnahangaika na sukari na hamjaona saa 6:15. Ni Ijumaa. Umeweka majadiliano hadi saa 7:00, na chakula pamoja na swala kuanzia saa 7:00. Waislamu watanyanyuka kabla ya hapo, tena kwa haki yao. Majadiliano yako yatafanyika na nusu ya ukumbi, na wakirudi watakuta maazimio yameshapitishwa bila wao. Hilo si suala la kuchelewa tu.

Kaka Likoni (#9)
Salaam kutoka Mombasa. Mzee kasema kweli. Ila aangalie ratiba ya swala ya msikiti ulio jirani, maana adhuhuri haikai pahala pamoja mwaka mzima. Chukua yoyote ya mtandaoni, hata ya Nairobi, ukanda wetu ni mmoja.

Hesabu Tupu (#10)
Hapo kwa Nairobi hapana, mkuu. Saa ya mkononi ni moja, jua si moja. Nairobi iko magharibi zaidi, adhuhuri huingia kama dakika 10 baada ya Dar. Mombasa na Dar ndizo zinakaribiana, tofauti ni dakika moja au mbili. Kwa Dar, mapema Novemba jua linavuka kati kama saa 6 na dakika 6. Februari, ambayo ndiyo ya mleta uzi, ni karibu saa 6 na dakika 37. Ratiba uliyoipanga kwa kongamano la Novemba ukiihamishia Februari, inatofautiana nusu saa.

Lakini hiyo ni kuingia kwa wakati. Khutba kila msikiti una saa yake, kwa hiyo #9 yuko sahihi kwamba anayejua ni msikiti wenyewe. Mtu aende akaulize, pia apime kutembea ni dakika ngapi.

Mtunza Hazina (#11)
Samahani kuingilia. Sisi tuna mkutano mkuu wa SACCOS, wanachama 90, ukumbi mmoja, hakuna makundi. Haya ya koki yananihusu? Na je, ni ukumbi gani wa bei nafuu Mbeya?

Karani wa Saa (#12)
Mtunza Hazina, koki zinakuhusu, mbili zinakutosha ukitenga sukari. Kitu kitakachokula saa yako ni taarifa ya fedha. Igawe kwa wanachama siku chache kabla, siku yenyewe msome mambo makuu na maswali tu, msisome ukurasa kwa ukurasa. Ukumbi wa Mbeya fungua uzi wake.

Sasa kwa Mratibu. Waliotangulia wametaja mambo ya kweli, ila kila mmoja anadhani lake ndilo chanzo. Kwangu, kosa la rasimu ni kwamba imepangwa kutoka juu kwenda chini. Panga kutoka kwenye vigingi. Siku yako ina vigingi viwili visivyosogea: swala ya Ijumaa, na saa ya kufunga, maana saa 10:30 watu wa Mbagala na Kibaha wanawaza foleni ya barabarani. Mgeni rasmi si kigingi. Yeye ndiye kitu kinachosogea kuliko vyote, na wewe umefunga siku nzima kwake.

Kabla ya kila kigingi weka akiba ya dakika 10 hadi 15 ambayo haina kazi. Usitawanye dakika mbilimbili kila mahali, zitaliwa na wasemaji bila wewe kuziona. Akiba ikae pamoja, mlangoni mwa kigingi.

Mimi ningeipanga hivi:

1:30–2:45 usajili
2:45–3:45 mada tatu
3:45–4:00 akiba, kumpokea mgeni
4:00–4:40 ufunguzi
4:40–5:15 picha ya pamoja na chai
5:15–6:15 mada tatu
6:15–8:00 chakula na swala
8:00–9:15 makundi
9:15–9:40 chai, wote kurudi ukumbini
9:40–10:15 mrejesho
10:15–10:30 akiba, kufunga

Mada sita zote zimebaki. Kilichoondoka ni yale majadiliano ya dakika 45, kwa sababu makundi yatajadili mambo hayohayo na watu wote wakiwepo.

Mnaona kabla ya saa 6:15 sijaweka akiba yake. Hapo kigingi kinalindwa kwa njia nyingine: mada ya sita iwe na msemaji ambaye mmeshakubaliana naye kabla kwamba siku ikibana, maswali yake yanahamia kwenye kundi lake mchana. Hizo ni dakika tano za kukata bila kumvunjia mtu heshima.

Mzee wa Itifaki (#13)
Karani, umepanga vizuri ila namba 4:00 siikubali. Mgeni rasmi ndiye anayefungua. Huwezi kuwa na mada tatu zimeshatolewa halafu ukamwomba afungue kitu ambacho kimeshaanza. Ofisi yake ikiona programu hiyo itauliza, na wakati mwingine itamtuma mwakilishi wa chini.

Karani wa Saa (#14)
Shikamoo mzee. Ziite "kikao cha awali cha kitaalamu" na uzitaje hivyo kwenye barua ya mwaliko. Mgeni anafungua kongamano, anakuta ukumbi umejaa, na hotuba yake inapokelewa na watu waliokwisha kukaa.

Mzee wa Itifaki (#15)
Marahaba. Jina linasaidia kwa wengine, kwa wengine halisaidii. Kuna ofisi ambazo zitakataa, na Mratibu hana nguvu ya kubishana nazo. Ushauri wangu tofauti: muache saa 3:00, lakini usimuulize msaidizi wake atafika saa ngapi. Muulize anatakiwa kuondoka saa ngapi na anaelekea wapi baada ya hapo. Akikwambia ana kikao saa 5 mjini, unajua mwisho wake, na unahesabu kurudi nyuma. Hotuba iwe na urefu uliokubaliwa kwa maandishi. Salamu ziwe mbili tu kabla yake, na wa kwanza akishataja viongozi, wengine wote waseme "itifaki imezingatiwa" waendelee. Salamu tano zenye utambulisho kamili zinakula dakika 20 kabla hotuba haijaanza.

Binti Mkunguni (#16)
Kwenye picha ya pamoja, Karani kaiweka pazuri, kati ya ufunguzi na chai. Ila mpiga picha awe ameshapanga viti vya mbele na kuandika majina juu yake, nje, njiani kuelekea chai. Ikipigwa ndani halafu watu wakarudi kuchukua mikoba, imekwisha. Na piga moja ya wote kwanza, watu wakanywe chai, za makundi madogo zifuate. Mkianza na za viongozi, watu 170 wamesimama juani Februari.

Fundi Sauti Temeke (#17)
Hamjagusa ile "dakika 20 kila mada". Mratibu ameandika mada sita kwa dakika 120, maana yake hakuna hata sekunde ya kubadilishana. Msemaji akipewa 20 atasema 20, maswali yatafuata, halafu huyu achomoe kompyuta yake, yule achomeke yake, waya wa HDMI hauingii, kiunganishi kinatafutwa, picha haionekani ukutani. Hiyo peke yake ni dakika mbili hadi nne, mara sita.

Mwambie msemaji ana dakika 12. Tano za maswali. Tatu za kupishana. Hapo ndipo 20 inatimia. Na slaidi zote zikae kwenye kompyuta moja yenu, ziwe zimepokelewa jioni ya Alhamisi, zimefunguliwa moja moja ukumbini na mtu kuziona. Faili zipewe namba mbele, `01`, `02`, `03`, zikae kwa mpangilio wa kusema. Mwenye video aseme mapema, sauti ya kompyuta haiingii kwenye spika yenyewe tu bila waya.

Maiki za maswali ziwe mbili, kila upande moja. Ikiwa moja, mbebaji anavuka ukumbi mzima kila swali.

Sauti ya Kijiweni (#18)
Dakika 12? Mtu katoka Dodoma, umpe dakika 12? Wape 10 basi muongeze mada ziwe nane, ndiyo kongamano linanoga.

Fundi Sauti Temeke (#19)
Kijiweni leo umeamka na mkasi, kila kitu unakata. Mada ikiwa fupi, kupishana hakufupiki. Sita ukipishanisha kwa tatu ni dakika 18, nane ni 24. Dakika sita za ziada zinakwenda kwenye watu kupanda na kushuka jukwaani.

Hesabu Tupu (#20)
Kwangu tatu hazitoshi kama mshereheshaji anasoma wasifu wa kila msemaji. Wasifu wa aya mbili ni dakika moja na nusu. Ama wasifu uchapwe kwenye kijitabu na usisomwe, ama weka tano.

Fundi Sauti Temeke (#21)
Tano ukiziweka zitajazwa. Tatu, na wasifu sentensi moja.

Mratibu Kijitonyama (#22)
Asanteni sana. Swali: nani anamkatisha msemaji, hasa akiwa mkubwa? Na makundi, niwape dakika ngapi za kupanda ghorofani?

Karani wa Saa (#23)
Mtunza muda akae mstari wa kwanza, katikati, usawa wa macho ya msemaji, siyo pembeni. Ana karatasi tatu: DAKIKA 5, DAKIKA 1, na MUDA UMEKWISHA. Ya tatu akiisha kuinyanyua haishushi. Baada ya hapo kazi ni ya mwenyekiti wa kikao, anasimama na kutembea kuelekea jukwaani. Kusimama kwake kunatosha kwa watu wengi. Kijana wa sekretarieti asiachiwe kumkatisha profesa. Mwenyekiti apatikane kwa kigezo hicho, awe mtu ambaye wasemaji wanamheshimu, na aambiwe wiki moja kabla kwamba kulinda saa ndiyo kazi yake.

Ghorofani: lifti ya watu wanane, ikipanda, ikafungua, ikashuka, ni kama dakika moja na nusu. Watu 120 ni safari 15, zaidi ya dakika 20. Kwa hiyo lifti waachie wazee na wenye ulemavu, wengine ngazi. Kundi la tatu la watu 60 libaki ukumbini chini. Ndiyo maana nimehesabu 120 tu, na asiyeweza ngazi anawekwa kundi la chini tangu mwanzo.

Namba ya kundi iandikwe kwenye kitambulisho asubuhi. Usisimame saa 8:00 na kuanza "moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu". Kuhesabishana watu 180 ni dakika 10, na nusu yao watasahau namba zao. Na mmeona makundi yanaanza baada ya chakula: watu hawarudi ukumbini kwanza, wanatoka mezani moja kwa moja kwenda vyumbani. Kuhama kunafichwa ndani ya mapumziko. Kwenye rasimu ya kwanza ilikuwa hivyo pia, hapo ulipatia.

Binti Mkunguni (#24)
Nyongeza: mkiwa na mada ndani ya makundi, msemaji wa chumba kimoja asipofika, msimsogeze anayefuata mbele. Mtu wa chumba kingine amepanga kuja kumsikiliza saa 8:40, akifika anakuta ameshamaliza. Acheni nafasi ikae, jadilini. Saa ya vyumba vyote iwe moja.

Hesabu Tupu (#25)
Mratibu, ratiba iweke kwenye jedwali la kompyuta. Safu A saa ya kuanza, B dakika, C saa ya kuisha, D saa halisi ya kuisha, E kuchelewa kwa dakika.

```
C2: =A2+TIME(0,B2,0)
A3: =C2
E2: =(D2-C2)*1440
```

Fomula zinakili hadi mstari wa mwisho. Ukibadilisha dakika za kipengele kimoja, vyote vya chini vinasogea, na utaona palepale kama swala imeguswa. Siku yenyewe mtu mmoja anajaza D. E ikifika 10, mnafungua orodha ya vinavyokatwa mliyoiandika kabla. Saa za Kiswahili zinakaa vizuri humo, siku yako inaanza 1:30 na kuisha 10:30 bila kuvuka 12.

Mpishi wa Shughuli (#26)
Lakini oda ya hoteli iandikwe kwa namna zote mbili. Jikoni wengi wanapanga kazi kwa saa za Kizungu. Ukiwaandikia "chai 4:40", kuna anayesoma saa kumi na dakika 40 jioni. Andika "saa 4:40 asubuhi (10:40)", na waombe chai iwe mezani dakika 15 kabla.

Mtunza Hazina (#27)
Na posho mnasainisha saa ngapi? Huku kwetu ikisainiwa asubuhi, mchana viti vimebaki na mabegi.

Mzee wa Itifaki (#28)
Baada ya mrejesho, mlangoni, meza nne zilezile za asubuhi.

Binti Mkunguni (#29)
Mzee, hapo tunatofautiana. Mlangoni saa 10:30 ni dakika 45 nyingine za foleni, na mrejesho hakuna atakayeusikiliza, macho yote nyuma. Isainiwe ndani ya makundi, karatasi ipite mkono kwa mkono kuanzia saa 8:30, malipo yaende kwa simu jioni.

Mzee wa Itifaki (#30)
Ikipita kwenye makundi, asiyekuwepo anasainiwa na jirani yake. Mkaguzi akija utamjibu nini?

Mratibu Kijitonyama (#31)
Karatasi ya kundi ishikwe na katibu wa kundi, asaini aliyeko mbele yake tu? Watu 60 kwa karatasi moja ni dakika ngapi?

Hesabu Tupu (#32)
Sekunde 20 kila mmoja, dakika 20, kama anazunguka yeye kwenye viti na si wao kumfuata. Ila katibu huyo ndiye pia anayeandika maazimio ya kundi. Tafuta mtu wa pili kwa kila kundi.